Nguo ya Msafara: Kubuni Mavazi ya Wafanyabiashara wa Jangwani

Mwandishi wa riwaya ya fantasia anapotaka kuwavika wafanyabiashara wake wa jangwani, kwa kawaida huanza na kile anachokiona kichwani: joho jeusi linalopepea, kilemba kilichoficha uso, upanga ubavuni. Picha inapendeza, lakini kufika sura ya tano msomaji makini ameshaanza kuuliza. Joho hilo lilifumwa wapi, mahali pasipoota hata kichaka? Nani amelifua, ilhali maji ya kunywa yanagawiwa kwa kikombe? Na imekuwaje baada ya siku thelathini za mchanga na jua bado ni jeusi vilevile? Mimi naona heri kuanzia upande wa pili: uzi ulitoka wapi, kitambaa kilikuwa na upana gani kiliposhuka kwenye kitanda cha mfumi, na anayekivaa anatembea au amepanda mnyama. Mambo hayo matatu yakishajulikana, sura ya vazi inakuwa karibu imekwisha kuamuliwa.

Tuanze na chanzo cha kitambaa, kwa sababu hapo ndipo riwaya nyingi zinapoteleza. Watuareg wa Sahara wanajulikana kwa vilemba vya buluu iliyoiva, vinavyong'aa na kuacha rangi kwenye mashavu yao. Lakini kitambaa bora cha vilemba hivyo hakikutoka jangwani. Kilitoka kusini, Kano na mji jirani wa Kura, kwa Wahausa wa nchi iitwayo leo Nigeria. Wafumaji wa huko walifuma tepe nyembamba za pamba, upana wa vidole viwili au pungufu, kisha tepe nyingi zikashonwa ukingo kwa ukingo mpaka zikawa kitambaa kimoja. Kikatiwa nili kwenye mashimo, kikakaushwa, halafu kikapigwa kwa nyundo za mti pamoja na unga wa nili mpaka kikapata mng'ao wa shaba. Msafiri Mjerumani Heinrich Barth alipofika Kano mwaka 1851 alieleza jinsi nguo za mji huo zilivyosafiri hadi Timbuktu upande mmoja, na kuvuka Sahara kuelekea Tripoli upande mwingine.

Kwa nini kazi hiyo ilifanyika Kano, wala si kambini kwa Watuareg wenyewe? Nili inadai maji mengi. Majani yake huvundikwa ndani ya shimo pamoja na majivu, na majivu ni kuni. Rangi yenyewe haiyeyuki katika maji ya kawaida. Lazima mchanganyiko uchachuke hadi hewa ya oksijeni iishe ndani yake, ndipo nili igeuke kuwa hali inayoweza kupenya uzi. Kitambaa kinapotolewa kina rangi ya kijani kibichi na manjano, kisha kikikutana na hewa kinageuka buluu machoni pa fundi. Kadiri kinavyotumbukizwa mara nyingi ndivyo kinavyozidi kuiva. Kazi ya namna hii inahitaji mji uliotulia, wenye visima, miti na mashamba ya pamba.

Hapo mwandishi anapata jibu ambalo ramani yake ilikuwa inalisubiri. Mfanyabiashara wa jangwani anavaa shehena yake mwenyewe. Anashuka na chumvi kutoka machimbo ya kaskazini, anapanda na nafaka na nguo kutoka miji ya kusini, na alichovaa mwilini ni sehemu ya kile alichonunua. Kwa hiyo ukibuni watu wa jangwani, usiwabunie kwanza mavazi. Wabunie mji wa kijani wanaokwenda kununua.

Jambo la pili ni upana wa kitambaa. Mwaka 1973 Dorothy Burnham, mtaalamu wa vitambaa wa Jumba la Makumbusho la Kifalme la Ontario, Kanada, alichapisha kijitabu kidogo chenye michoro ya nguo za kale, Cut My Cote. Alionyesha kwamba mkato wa nguo za zamani ulitokana kwa sehemu kubwa na upana wa kitambaa kilichotoka kwenye kitanda cha mfumi. Kitambaa cha mkono kiligharimu jasho jingi mno kiasi kwamba hakuna aliyekubali kukata mviringo na kutupa vipande. Fundi alikata mstatili, akapata pembetatu kwa kukata mstatili kwa mshazari, na kila kipande kikapata pa kukaa.

Mafundi wa kanzu wa pwani yetu wanalielewa hili bila kusoma kitabu. Kanzu ina badani, yaani kipande kikuu cha mbele na nyuma. Ina taharizi za ubavuni zinazoipanua kuelekea chini. Na ina kikwapa, kile kipande kidogo cha mraba kinachowekwa chini ya mkono ili mtu ainue mkono bila kuipasua. Badani nyembamba inadai taharizi pana. Mkono uliokatwa kwa mstari ulionyooka unadai kikwapa. Mwandishi anayefahamu vipande hivi vitatu anaweza kubuni karibu kila nguo ndefu ya jangwani, kuanzia Moroko hadi Omani, na ikasimama.

Sasa tuufanye mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme riwaya ina Wasereki, watu wa kubuni wanaobeba chumvi kwa ngamia mwendo wa siku arubaini hadi mji wa mtoni. Mji huo unalima pamba na kufuma tepe za upana wa sentimita 10. Wasereki wenyewe wana mbuzi, kondoo na ngamia, na wanawake wao wanafuma sufu kwenye kitanda cha ardhini: vigingi vinne vilivyopigiliwa chini, nyuzi za mtande zimevutwa kati yake, na mfumaji ameketi mbele yake. Kitanda cha namna hii ndicho wafugaji wengi wanaohamahama hutumia, Wabedui wakiwemo, kwa sababu kambi ikihama vigingi vinang'olewa, kazi inaviringishwa pamoja na nyuzi zake, na inaendelea kituo kinachofuata. Upana wake una mpaka: mkono wa mtu lazima ufike pande zote mbili. Tuupe sentimita 70.

Basi Wasereki wana vitambaa viwili tu, tepe za pamba za kununua na sufu ya nyumbani. Tushone shati kwa zile tepe. Mtu mzima anahitaji urefu wa sentimita 120 kutoka begani hadi katikati ya muundi. Tepe inapita juu ya bega na kushuka nyuma, hivyo kila tepe ni mita 2.4 na begani hakuna mshono. Upana wa mita moja ni tepe 10, kwa hiyo badani peke yake inakula mita 24. Mikono miwili mifupi, kila mmoja wa tepe nne zinazozunguka mkono kwa sentimita 60, inaongeza karibu mita 5. Taharizi za ubavuni zinakula mita 4 nyingine. Jumla ni mita 33 za tepe, sawa na mita za mraba 3.3 za nguo.

Hesabu hiyo inaonekana ya kawaida mpaka uulize uzi. Kitambaa chenye nyuzi 10 kwa kila sentimita, mtande na mshindio, kinameza mita 2,000 za uzi kwa kila mita moja ya mraba. Shati letu linahitaji mita 6,600, na ukihesabu uzi unaojikunja na ule unaopotea mwanzoni na mwishoni mwa kazi, unafika zaidi ya mita 7,000. Mwanamke akisokota mita 60 kwa saa, atakaa na kijiti chake saa 120 kabla mfumaji hajaanza kazi yake. Baada ya hapo, kuziunganisha tepe 10 za badani peke yake ni mishono tisa ya mita 2.4, zaidi ya mita 20 za sindano ya mkono.

Simwombi mwandishi aziweke namba hizi ndani ya riwaya. Ni za daftari lake, zimwambie watu wake watatendaje. Shati lenye saa 120 za kusokota halitupwi kwa sababu limepasuka. Kijana hapati la kwake mpaka atakapovuka jangwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo anavaa la kaka yake lililokunjwa pindo. Mwizi wa kambini anaiba nguo kabla ya kuiba kisu. Maiti huvuliwa shati, au basi kumzika nalo ni heshima kubwa ambayo jamaa wote wanaijua gharama yake. Mhusika akilichana shati lake jipya ili amfunge mwenzake jeraha, msomaji aliyeandaliwa vizuri atashtuka kwa kiasi kile kile wanachoshtuka walioko kambini.

Tepe zina zawadi nyingine kwa msimulizi. Zikichakaa, hufumui shati zima. Unaondoa tepe moja na kushona nyingine mahali pake. Kwa hiyo shati la mzee wa msafara lina tepe zenye umri tofauti, moja imefifia, jirani yake mpya, ya tatu imetoka mji mwingine ambako nili ni hafifu. Anayejua kusoma nguo ataona ni barabara zipi mzee huyo amepita. Tena tepe ni fedha. Al-Bakri, aliyeandika mwaka 1068 juu ya nchi za Afrika Magharibi, alizitaja nguo nyembamba za pamba miongoni mwa vitu vilivyotumika kununulia na kuuzia, pamoja na mtama, chumvi na pete za shaba. Sisi tuliishi na jambo hilo karne ya 19. Merikani iliyoletwa Zanzibar kutoka Salem, Massachusetts, ilikwenda bara na misafara kama malipo, ikipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Msereki aliyeishiwa kila kitu kisimani anaweza kufumua tepe moja ya shati lake na kulipia maji. Hakuna sababu ya kumbunia sarafu za dhahabu.

Suala la kutembea au kupanda linapuuzwa sana, nalo ndilo linaloamua chini ya kiuno. Watu wengi hudhani kila mwenye ngamia humpanda. Wagabra wanaoishi kando ya jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, huwatumia ngamia kubeba maji na nyumba, wenyewe wakienda kwa miguu. Wasomali wafugaji ni vivyo hivyo. Anayetembea anatosheka na shuka iliyofungwa kiunoni na nyingine begani, kwa kuwa hana kitu katikati ya mapaja. Mpandaji wa Kituareg huketi mbele ya nundu na kuweka nyayo zake tupu juu ya shingo ya ngamia. Huyo anahitaji suruali pana yenye kipande kikubwa katikati ya miguu, la sivyo mshono utapasuka na ngozi itachubuka. Wasereki wetu wanabeba chumvi, na ngamia mwenye kilo 150 za chumvi haongezewi mtu. Kwa hiyo wanatembea. Shati linaishia kwenye muundi ili lisibebe miiba, lina mipasuo ubavuni ili hatua iwe ndefu, na makubadhi ni ya ngozi nene yenye soli pana kuliko mguu, isizame mchangani. Anayepanda kati yao ni mgonjwa, mtoto au mkuu wa msafara, na msomaji atamtambua kwa suruali yake kabla hajaambiwa.

Sufu ndiyo inayokamilisha vazi. Abaya ya zamani ya wanaume wa Kiarabu, jamaa ya bushuti tunayoijua pwani, mara nyingi ilitengenezwa kwa vitambaa viwili virefu vilivyounganishwa kwa mshono wa kulala unaozunguka kiwiliwili, na ncha zikakunjwa mbele. Vipande vyetu viwili vya sentimita 70 vinatoa joho la urefu wa sentimita 140 bila kupoteza hata kipande. Mshono ule wa kiunoni ni alama nzuri ya kuieleza: msomaji akiuona mara moja, ataelewa upana wa kitanda cha nyumbani kwao bila maelezo zaidi. Sufu ya kondoo na manyoya laini ya ngamia, yale yanayopukutika majira ya kuchipua, yanafaa kwa joho. Manyoya ya mbuzi hapana. Ni magumu na yanawasha. Kazi yake ni hema, magunia na kamba. Msomaji anayejua mbuzi atacheka ukimvika shujaa wako shati la manyoya hayo.

Joho la sufu jangwani linawashangaza walioko nje, lakini misafara mikubwa ya chumvi ya Sahara ilipangwa miezi ya baridi, na usiku wa Desemba katikati ya jangwa unaweza kukaribia kuganda. Joho ni blanketi usiku, kivuli adhuhuri, na mto wa kichwa alfajiri.

Joto nalo lina uongo wake. Wengi huamini kwamba nguo nyeupe pekee ndiyo ya busara juani, na wanaojua kwamba Wabedui huvaa nyeusi wanabuni siri fulani ya ajabu. Mwaka 1980 Shkolnik na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio walilofanya jangwa la Negevu. Mtu alisimama juani adhuhuri akivaa kwa zamu joho jeusi la Kibedui, joho jeupe, sare ya kijeshi ya rangi ya udongo, na kaptura tu, hewa ikiwa kati ya nyuzi 35 na 46. Joho jeusi lilipata moto zaidi kwa juu, lakini joto lililoufikia mwili lilikuwa sawa na la mwenye joho jeupe. Joto lile la ziada lilipotea kabla ya kufika kwenye ngozi, kwa sababu nguo ilikuwa pana na hewa ilipita kati yake na mwili. Funzo kwa mbunifu ni kwamba rangi ina uhuru. Kisicho na uhuru ni nafasi. Joho jeusi lililobana kiuno kwa mkanda mpana wa ngozi, kama tunavyoona kwenye majalada mengi, limepoteza faida yake. Ukitaka mkanda, uwe mshipi uliolegea, na tumbo la shati limwagike juu yake.

Kwa sababu hiyo hiyo vazi la ngozi linalokamata mwili halifai. Jasho linapoza kwa kukauka. Likizuiwa kukauka, mtu analowa na joto linabaki. Hata vazi maarufu la Dune, riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965, linalokusanya jasho na kulirudisha liwe maji ya kunywa, linakwama hapa. Lita moja ya jasho inapokauka huchukua mwilini takriban kilojuli 2,400 za joto. Ukiugeuza mvuke ule kuwa maji tena ndani ya vazi lile lile, joto lote linarudi palepale, na lazima lipate pa kutokea. Herbert alijenga ulimwengu wenye nguvu kiasi kwamba wasomaji wengi wamemsamehe. Mwandishi anayeanza asitegemee msamaha huo. Kama anataka vazi la namna hiyo, aamue joto linakwenda wapi, hata kama ni kwa kumlazimu mvaaji kusafiri usiku tu.

Kuchakaa ndiko kunakomtofautisha mwandishi aliyefikiri na aliyepamba. Jangwani nguo haiozi, inasagika. Mchanga unaingia kwenye mikunjo na kukata nyuzi kila hatua, kwa hiyo nguo hupasuka pale inapokunjwa kila siku: kwenye kiwiko, chini ya mshipi, kwenye pindo. Jua hufifisha mabega kwanza, huku kwapani rangi ikibaki ya siku ya kwanza. Kwa wabeba chumvi kuna la ziada: chumvi hunyonya unyevu wa usiku, nguo inalowa kidogo alfajiri na kukakamaa adhuhuri, ikawachubua shingoni. Mtu wa chumvi utamjua kwa shingo yake.

Kufua ni jambo la mjini. Kile kitambaa cha nili kilichopigwa kwa nyundo hakifuliwi hata huko, kwani maji yangeondoa mng'ao na unga uliolipiwa. Nili hushika juu juu ya uzi, ndiyo maana inahamia kwenye ngozi ya mvaaji, na buluu ya mashavuni inakuwa ushahidi kwamba mtu ana uwezo wa kununua kitambaa kilichoiva. Nguo za kazi hupigwapigwa ili mchanga utoke na kuanikwa juani. Chawa hutaga mayai kwenye mishono, na shati letu lina zaidi ya mita 20 za mishono. Hivyo jioni kambini watu wanaketi wakipitia mishono kwa vidole, na mazungumzo mengi ya riwaya yanaweza kufanyika wakati huo, kwa kuwa ndiyo saa ambayo mikono ina kazi na midomo haina. Shati jeupe lisilo na doa linaloingia kambini siku ya ishirini lina maana moja: aliyelivaa hakusafiri nao.

Kilemba nimekiacha mwisho kwa sababu kina kazi nyingi na mwandishi hujaribiwa kuzitaja zote. Kitambaa cha mita tano au zaidi kinazuia mchanga, kinahifadhi unyevu wa pumzi, kinakuwa kamba ya kuteremshia ndoo. Lakini kwa Watuareg jambo zito zaidi ni jinsi kinavyovaliwa. Mwanamume mzima hufunika mdomo mbele ya wageni, wazee na hasa wakwe. Akiwa na rika lake hukilegeza. Hilo linampa mwandishi lugha nzima isiyohitaji mazungumzo. Msereki anapofika kwa mama mkwe wake, kitambaa kinapanda hadi juu ya pua, na anakunywa kwa kupitisha kikombe chini yake. Siku atakapokishusha mbele ya adui yake, kila aliyepo kambini atajua kwamba ama amemdharau kabisa ama amemkubali kuwa ndugu. Sheria iwe moja, ifuatwe na watu wote kuanzia sura ya kwanza, ili pale itakapovunjwa msomaji asihitaji kuelezwa.

Na shati likifika mahali hata tepe mpya haziwezi kushika kwenye za zamani, linaendelea na kazi. Tepe zisizofaa kuvaliwa zinakunjwa kuwa godoro chini ya tandiko, zisimchubue ngamia. Zilizobaki zinakuwa tambi za taa na vitambaa vya kukamulia siagi. Ile tepe moja au mbili ambazo bado zina nguvu zinafumuliwa na kuingizwa kwenye shati la mtoto, karibu na shingo, mahali pasiposuguliwa sana.